Pikipiki ingiza ndani, ila ufunguo baki nao mwenyewe

Swali: "Nimepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji watano, geti moja. Nina pikipiki ambayo huwa inalala nje ya geti, nimeifunga mnyororo kwenye nguzo, na karibuni nataka kununua gari dogo. Nilimwomba mama mwenye nyumba niingize ndani, akasema sawa, lakini nikubali sharti lake: 'Chombo kinaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe, ufunguo abaki nao mlinzi, na kiondolewe wakati wowote nikihitaji nafasi.' Mkataba wangu hausemi lolote kuhusu maegesho. Nisaini? Na la gari nimwambie vipi?"

Pikipiki ingiza, hata wiki hii, ila usisaini maneno hayo yalivyo. Sehemu ya hatari ikubali ikiwa na mipaka, sehemu ya kuondoa chombo iwekewe muda, na sehemu ya ufunguo uikatae kwa adabu. La gari lisubiri kwanza. Kwa kuwa hujalinunua, una nafasi ambayo wapangaji wengi huipoteza: kupima uwanja kabla ya kuchagua gari. Nitafika huko.

Tuanze na huo mkataba usiosema kitu. Kwa kawaida kodi inalipia chumba chako, njia ya kukifikia, na vile mnavyotumia wote kama bomba la maji, choo cha nje na kamba za kuanikia. Nafasi ya chombo kulala usiku kucha haimo mpaka iandikwe. Kwa hiyo usiende kwa mama mwenye nyumba na maneno ya "ni haki yangu", kwa sababu hapo utakuwa umeanza vibaya na huenda huna cha kujitetea nacho. Unachoomba ni ruhusa. Ubaya wa ruhusa ya mdomo ni kwamba inaweza kutolewa leo na kufutwa kesho kutwa, hasa nyumba ikibadilisha msimamizi au mpangaji mwingine naye akinunua chombo. Ndiyo maana sharti lake, hata kama lina kasoro, lina faida kwako: yuko tayari kuandika. Mtu aliye tayari kuandika, mnaweza kuelewana.

Sasa huo ufunguo, kwa sababu hapo ndipo penye ugomvi wa baadaye. Mimi husimamia nyumba za kupangisha, na sharti hili naliona mara kwa mara. Karibu kila mara limezaliwa na siku moja mbaya: gari la kuvuta maji taka limefika, au lori limeleta mchanga, chombo cha mpangaji kimeziba njia, mwenyewe yuko kazini na simu haipokelewi. Mwenye nyumba anaapa kwamba halitatokea tena, na dawa inayomjia haraka kichwani ni kuchukua ufunguo. Hofu yake ni ya haki, dawa ndiyo mbovu.

Mlinzi akiwasha pikipiki ili aisogeze mita mbili, ikamponyoka ikagonga ukuta au mtoto, maswali yatakuja kwa mkupuo. Ana leseni? Nani alimtuma? Bima inamtambua? Mkataba wa bima huwa unataja nani anaruhusiwa kuendesha, na dereva asiye na leseni ni miongoni mwa sababu za kwanza za madai kukataliwa. Kukitokea wizi, kampuni ya bima itakuuliza funguo zote ziko wapi na nani mwingine alikuwa nazo. Jibu la "mmoja unakaa kibandani kwa mlinzi, umetundikwa msumarini" halitakusaidia. Tena walinzi hubadilika, na ufunguo wa kawaida wa pikipiki huchongwa nakala kwa dakika chache. Mlinzi mwenyewe naye humtendei haki, maana kila mkwaruzo utakaoonekana asubuhi utakuwa wake.

Kuna hoja moja ambayo mama mwenye nyumba huenda hajaifikiria, na nadhani ndiyo itakayomlainisha kuliko zote hizo. Kumwachia mtu nafasi ya kuegesha ni jambo moja. Kupokea ufunguo wake, wewe au mfanyakazi wako, ni kupokea mali yake uishike, na sheria za nchi nyingi humtaka anayeshika mali ya mwenzake awe mwangalifu nayo. Sharti lake basi linajipinga lenyewe: mwanzoni anasema hahusiki na chombo, kisha anaomba kitu kitakachomfanya ahusike. Ukimweleza taratibu kwamba kutouchukua ufunguo ni kinga kwake yeye, mazungumzo yanabadilika. Hapo humkatalii kitu, unamwondolea mzigo.

Lakini ukikataa ufunguo ni lazima uje na jibu la ile hofu yake. Kwa pikipiki jibu ni mahali unapoiweka. Pikipiki ya kawaida yenye injini ndogo ina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi, na watu wawili wanaweza kuisukuma bila kuiwasha, mradi gia iko huru na usukani haujafungwa. Ila wewe unataka usukani ufungwe, tena na mnyororo juu yake. Njia pekee ya kupata vyote ni kuiweka mahali ambapo hakuna atakayehitaji kuisogeza. Zunguka uwanja mzima ukitafuta vitu vinavyofunguliwa au kufikiwa: mifuniko ya chemba, shimo la maji taka, mita ya maji, mita ya umeme, mlango wa stoo, tenki, na upande ambao bawa la geti linaangukia. Nafasi yoyote iliyo nje ya hivyo, yenye urefu wa mita 2.3 na upana wa mita 1, inatosha kwa pikipiki moja na mtu wa kuisukuma kuingia na kutoka. Kwenye nyumba nyingi kona hiyo ipo, na mara nyingi imejaa matofali yaliyobaki ya ujenzi. Jitolee kuyahamisha.

Ukishapata kona, angalia namna ya kuisimamisha, kwa sababu hapa ndipo wapangaji wenye watoto huanza kununa. Pikipiki nyingi zina bomba la moshi upande wa kulia na stendi ya pembeni upande wa kushoto. Ukirudi jioni bomba hilo ni la moto wa kuunguza ngozi, na huwa usawa wa mguu wa mtoto wa miaka mitatu au minne, ule ule anayekuja mbio kuigusa. Kwa hiyo iegeshe upande wa kulia ukiwa ukutani. Bomba linajificha, na kwa kuwa stendi inaiegemeza kushoto, pikipiki haitaangukia ukuta na kuukwaruza. Usisahau kwamba ikiegemea hivyo usukani wake unatokeza nje, ndiyo sababu nikasema upana wa mita 1 ingawa mwili wake ni mwembamba kuliko hapo.

Chini ya stendi weka kipande cha bati nene au ubao wenye ukubwa wa kiganja. Ncha ya stendi ni ndogo na uzito ulioegemea hapo ni mwingi. Kwenye udongo uliolowa inazama polepole usiku na asubuhi unaikuta pikipiki imelala. Kwenye matofali ya sakafuni inachimba kashimo ambako mwenye nyumba atakaona siku unahama. Chini ya injini tandika kadibodi kwa wiki ya kwanza. Kadibodi ikibaki kavu, piga picha umtumie. Ikiwa na doa, peleka pikipiki kwa fundi kabla hujaombwa, kwa kuwa oili ikishaingia kwenye simenti haitoki yote hata kwa sabuni na brashi.

Na mafuta. Pikipiki isilale kwenye korido, chini ya ngazi wala chumbani, hata mwenye nyumba akikuruhusu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kukusanyika mahali pasipopitisha upepo, na katika nyumba ya wapangaji watano hakukosekani jiko linalowaka karibu na sakafu. Moto ukianzia kwenye ngazi au korido, umeziba njia ambayo kila mtu angetokea. Kama pikipiki yako ni ya kabureta, ina koki ya mafuta chini ya tangi: ifunge kila usiku. Jirani akilalamika kwamba anasikia harufu ya petroli asubuhi, mara nyingi ni hiyo koki iliyoachwa wazi na kabureta linalovuja, na wala si kosa lake kulalamika.

Sasa maneno ya "hatari ya mwenyewe". Hapa wapangaji hukasirika bila sababu. Mama wa watu hauzi huduma ya ulinzi wa vyombo, hakutozi kwa hilo, na hawezi kukuhakikishia kwamba mwizi hataruka ukuta. Sehemu hiyo kubali bila kunung'unika. Tatizo ni kwamba maneno yenyewe ni mapana mno. Yakisomwa yalivyo, yanafunika hata fundi wake aliyemwaga rangi juu ya tangi lako, na mlinzi wake aliyegonga kioo wakati akiburuta ngazi. Mahakama za nchi nyingi huyasoma maneno kama hayo kwa jicho kali, hasa mtu anapoyatumia kukwepa uzembe wake mwenyewe, lakini hutaki kufika mahakamani kwa ajili ya kioo cha pembeni. Ni rahisi zaidi kuyapunguza sasa: wizi, mvua, upepo na watu wa nje ni hatari yako, kilichofanywa na yeye, mfanyakazi wake au fundi wake ni chake. Nawe uandike upande wako, kwamba chombo chako kikivunja kitu cha nyumba au cha mpangaji mwenzako, utalipa. Mwenye nyumba akiliona hilo la mwisho limetoka kwako bila kuombwa, la kwanza hulikubali kwa wepesi.

Kuna hali moja inayobadilisha mizani: akianza kukutoza ada ya maegesho. Hapo nafasi imekuwa kitu unachokilipia, na ni haki kuomba zaidi: kona iwe yako peke yako, na taa ya hapo iwe inawaka usiku. Omba risiti ya ada hiyo iandikwe peke yake, isichanganywe na kodi, ili siku ukiuza chombo ujue ni kiasi gani kinatakiwa kupungua.

"Wakati wowote nikihitaji nafasi" inahitaji muda tu. Pendekeza taarifa ya saa 24 kwa mambo yanayojulikana mapema, kama kupaka rangi, lori la mchanga au gari la maji taka, ambalo huwa linaitwa likaja na si kwamba linaanguka kutoka mbinguni. Kwa dharura ya kweli, bomba limepasuka au chemba imefurika, weka saa 1 tangu upigiwe simu, na utoe namba ya pili ya mtu aliye karibu anayeweza kuja kwa niaba yako. Hiyo namba ya pili ndiyo inayofanya kazi ambayo mama alitaka ufunguo uifanye. Usiiandike kama huna mtu wa uhakika.

Ujumbe wako unaweza kuwa hivi, na uutume kwa maandishi hata kama mmeshaongea uso kwa uso:

"Shikamoo mama. Nashukuru kwa kunikubalia kuingiza pikipiki. Nimepima nikaona kona iliyo nyuma ya tenki inatosha, na haizibi chemba wala mlango wa mtu. Nitaisukuma ikiwa imezimwa nikiingia baada ya saa 4 usiku au nikitoka kabla ya saa 12 asubuhi, na geti nitafungua na kufunga mwenyewe. Ufunguo naomba nibaki nao, ili mlinzi wala wewe msibebe lawama ikitokea shida. Ukihitaji nafasi nijulishe siku moja kabla. Ikiwa dharura nipigie, nisipopatikana mpigie ndugu yangu kwenye namba hii, atafika ndani ya saa moja. Nimeandika sharti upya hapa chini, naomba ulisome, na penye neno la kubadilisha uniambie."

Na sharti lenyewe: "Mpangaji anaruhusiwa kuegesha pikipiki moja, yenye namba ya usajili iliyotajwa hapa, katika kona iliyo nyuma ya tenki la maji, kwa muda wote wa upangaji wake. Mwenye nyumba halindi chombo na hawajibiki kwa wizi, wala kwa uharibifu uliotokana na mvua, upepo au watu wa nje. Uharibifu uliofanywa na mwenye nyumba, mfanyakazi wake au fundi wake utagharimiwa na mwenye nyumba. Uharibifu uliofanywa na chombo utagharimiwa na mpangaji. Chombo kitaondolewa kwa taarifa ya saa 24, au ndani ya saa 1 ikiwa ni dharura. Ufunguo unabaki kwa mpangaji. Ruhusa hii inaweza kusitishwa na upande wowote kwa taarifa ya siku 30."

Sentensi ya mwisho usiiogope. Bila hiyo, ruhusa inaweza kusitishwa kesho. Nayo, unapata mwezi wa kujipanga. Mkishasaini, piga picha ya kona ilivyo kabla hujaweka chochote: sakafu, ukuta na tenki. Picha hiyo na karatasi vikae pamoja na mkataba wako, na mkataba utakapohuishwa, maneno hayo yahamie ndani yake. Nyumba ikiuzwa au ikipata msimamizi mpya, yeye atasoma mkataba, hatasoma simu ya mama.

Kabla hujapeleka ujumbe, pita kwa wale wapangaji wengine wanne. Si kwa kuomba kibali, maana hawana mamlaka hayo, bali kwa sababu wasipojua watalalamika kwa mwenye nyumba, na malalamiko mawili yanatosha kufuta ruhusa. Utaona kwamba chombo chenyewe hakiwasumbui sana. Yanayowasumbua ni geti linalogongwa usiku, honi ya kumwita mlinzi, kuosha chombo kwa maji ambayo bili yake mnagawana, na kamba ya nguo iliyolazimika kuhamishwa. Kama maji mnagawana, osha nje, iwe sharti limesema au halikusema.

Sasa gari. Hapa usiombe kwa maneno matupu, omba kwa vipimo. Usipime kwa hatua, tumia tepu. Tuchukue uwanja wa namna hii, unaofanana na nyingi ninazozijua: geti la mabawa mawili lenye upana wa mita 2.8 likiwa wazi, mabawa yanafungukia ndani, na kutoka mstari wa geti hadi ukingo wa baraza ni mita 6.3. Upande wa kushoto kuna ukuta wa uzio ulionyooka na geti.

Gari dogo la milango minne lenye urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 1.9 ukihesabu vioo vya pembeni linapita getini likibakiwa na karibu sentimita 45 kila upande. Hilo ni zuri. Ndani, liegeshwe likiwa sentimita 30 kutoka ukutani, na upande wa dereva uachiwe sentimita 70 za kufungua mlango na kutoka bila kujikunja. Jumla ya upana ni mita 2.9. Hadi hapo hakuna tatizo.

Tatizo liko kwenye urefu, na ni kosa ambalo watu hulifanya mchana geti likiwa wazi. Bawa moja la geti lina mita 1.4, na linapofunguka kwa ndani linafagia mita 1.4 za uwanja. Gari lazima lisimame mbele zaidi ya hapo, la sivyo likiwa ndani geti halifunguki. Jumlisha 1.4 na 4.2 unapata 5.6. Toa kwenye 6.3, zinabaki sentimita 70 kati ya bampa na baraza. Kama mbele hapo pana mlango wa mpangaji mwenzako, sentimita 70 hazimtoshi: mtu aliyebeba godoro, mgonjwa anayeshikiliwa na watu wawili, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi, wote wanataka si chini ya 90, na mimi huwa nadai mita 1. Mwenye nyumba akikukubalia kwa haraka, ruhusa hiyo haitamaliza mwezi.

Ila gari bado hujalinunua. Magari madogo kabisa yana urefu wa mita 3.6 hivi. Rudia hesabu: 1.4 na 3.6 ni 5.0, na kunabaki mita 1.3. Uwanja ule ule, geti lile lile, na jirani anapita vizuri. Njia nyingine ni kumwomba mwenye nyumba geti ligeuzwe liwe la kuteleza pembeni, ila hiyo ni gharama yake na kuna ukuta unaoliruhusu na usioliruhusu. Kuchagua gari fupi ni nafuu kuliko kubadilisha geti la mtu.

Usitegemee kugeuza gari ndani. Gari dogo linahitaji duara lenye kipenyo cha mita 10 hadi 11 kugeuka kwa mkupuo mmoja, na uwanja wa mita 6 haulitoi hilo. Utaingia kwa mbele na kutoka kwa rivasi, au kinyume chake. Madereva wengi watakushauri uingie kwa rivasi ili utoke ukiona barabara, na kwa kawaida ni ushauri mzuri. Kwenye uwanja huu lakini, ukifanya hivyo bomba la moshi linaelekea mlango na dirisha la jirani kwa umbali wa mita moja tu, na asubuhi injini ya baridi hutoa moshi mchafu kuliko wakati wowote, wenye gesi ya sumu isiyo na harufu. Mimi ningeingia kwa mbele, bomba lielekee geti, na wakati wa kutoka mtu asimame nje akuongoze. Na usiache gari likinguruma kwa dakika kumi eti lipate moto; washa, funga mkanda, ondoka.

Kitu cha mwisho kwenye uwanja, na kwa gari ndicho ninachokikagua kwanza: shimo la maji taka liko wapi. Mara nyingi huchimbwa karibu na geti ili gari la kuvuta lilifikie kwa mpira mfupi, yaani pale pale magurudumu yako yatakapopita kila siku. Mfuniko wa zege uliowekwa kwa ajili ya watu kutembea juu yake haukusukwa nondo kwa ajili ya gari. Gari la kilo 1,050 lenye injini mbele huweka karibu asilimia 60 ya uzito kwenye magurudumu ya mbele, kwa hiyo gurudumu moja linakandamiza zaidi ya kilo 300 kwenye eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Huenda mfuniko usivunjike siku ya kwanza. Utapasuka kidogo kidogo, na nyufa zitaonekana kuanzia kingo au kwenye kona za tundu la kuvutia. Tafuta bomba la kupumulia, tafuta kifuniko kidogo cha mraba, kisha gonga sakafu kwa nyundo kuanzia hapo kwenda pembeni: penye shimo panaitika kama ngoma, penye udongo panatoa mlio uliokufa. Chora mpaka kwa chaki na umwonyeshe mwenye nyumba. Kama njia ya magurudumu inapita juu yake, gari lisiingie mpaka fundi aseme kwa maandishi kwamba mfuniko unabeba gari, au uwekwe mwingine. Sharti la "utalipa uharibifu uliofanywa na chombo chako" ulilosaini kwa pikipiki lingekufanya ulipie shimo zima.

Uwanja ukipita mitihani hiyo, tumia sharti lile lile la pikipiki ukibadilisha mahali, namba na vipimo, na uongeze kwamba nafasi ni ya gari moja na ni yako kwa muda wa upangaji, kwa sababu kwenye mita hizo hakuna gari la pili litakaloingia na si muda mrefu jirani naye ataomba. Kwa gari, namba ya simu ya pili inaweza isitoshe, maana haliwezi kusukumwa kama pikipiki likiwa limefungwa. Hapo ninakubali jambo moja ambalo kwa pikipiki nimelikataa: ufunguo wa akiba ndani ya bahasha iliyofungwa, wote wawili mmesaini juu ya gundi, ukae kwa mama mwenyewe na si kwa mlinzi, na sharti liseme bahasha itafunguliwa kwa dharura tu na gari litasogezwa na mtu mwenye leseni. Waulize watu wa bima kabla, na ukijaza fomu yao andika ukweli kuhusu mahali gari linapolala. Kumbuka pia kwamba bima ya mtu wa tatu hailipi gari lako likiibwa uani; anayetaka hilo anakata bima kubwa.

Mama akishikilia kwamba bila ufunguo wa pikipiki kwa mlinzi hakuna kuingia, usigombane naye. Iache nje kwa sasa, ila mnyororo upite kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja, si gurudumu la mbele peke yake ambalo huondolewa kwa spana, na ukae juu usiguse ardhi, kwa sababu mnyororo uliolala chini hukatwa kwa kukanyagiwa mkasi mkubwa. Kisha lirudishe suala hilo mkataba utakapofika mwisho, siku ambayo naye anataka usaini tena.